Mwekezaji Amekubali: Unampa Hisa ya Aina Gani?

Ndugu msikilizaji wa Karagwe na Kyerwa, leo nazungumza na wewe uliyekwisha kusajili kampuni, au unayekaribia kuisajili, na umepata mtu mwenye fedha aliye tayari kuingia. Amekuja, ameona kazi, amesema, "Nitaweka milioni 40, nipeni hisa." Wengi wetu tukifika hapo tunaona safari imekwisha. Ukweli ni kwamba hapo ndipo panapoanza swali ambalo litaamua nani ataiongoza kampuni hiyo na nani atakula matunda yake: hisa hizo ni za aina gani, na zinampa mwenye nazo haki zipi?

Tuchukue mfano mmoja, tuufuate mpaka mwisho. Tuseme vijana wawili wa kata ya Rugera wameanzisha kampuni inayotengeneza vichanja na vikaushio vya jua kwa ajili ya kahawa ya maganda. Wanavikodisha kwa wakulima wakati wa mavuno na kulipwa kwa kilo iliyokaushwa. Walianza kwa kuweka shilingi milioni 6, yaani hisa 6,000 za shilingi 1,000 kila moja, nusu kwa nusu. Kazi imekubalika, lakini vikaushio havitoshi. Wanahitaji shilingi milioni 60. Mfanyabiashara mmoja wa Mwanza yuko tayari kutoa milioni 40, na shangazi wa mmoja wao, anayeishi Bukoba, yuko tayari kutoa milioni 20 alizoweka akiba.

Kabla ya kwenda mbele, tuondoe jambo moja linalotuchanganya huku kwetu. Wengi tumeijua hisa kupitia chama cha msingi cha ushirika. Kule ukiwa na hisa 5 au hisa 500, siku ya mkutano mkuu una kura moja, kwa sababu ushirika unahesabu watu. Kampuni inahesabu hisa. Mwenye hisa 500 za kawaida ana kura 500, mwenye 5 ana kura 5. Ukiingia kwenye kampuni na mawazo ya ushirika, ukadhani wenzako hawatakushinda kwa kuwa wewe ndiye mwanzilishi, utashangaa siku ya kupiga kura.

Basi kila hisa, ya aina yoyote, inajibu maswali matatu. Je, inapiga kura? Je, faida ikigawiwa, mwenye nayo anapata gawio lini na kiasi gani? Na je, kampuni ikifungwa, madeni yakalipwa, kilichobaki kinaanza kwa nani? Ukipata majibu hayo matatu, umeijua hisa.

Hisa ya kawaida inajibu hivi. Inapiga kura. Inapata gawio iwapo tu faida ipo na kampuni imeamua kuigawa. Mwaka ambao haikuamua, mwenye hisa hadai kitu. Na kampuni ikifungwa, mwenye hisa ya kawaida ni wa mwisho kwenye foleni, lakini chochote kilichobaki baada ya wote ni chake, hata kiwe kikubwa namna gani.

Tuseme vijana wetu wanampa mfanyabiashara wa Mwanza hisa za kawaida. Wanakubaliana kwamba kila hisa mpya ni shilingi 10,000, kwa kuwa kampuni sasa ina wateja na jina. Kwa milioni 40 anapata hisa 4,000. Hisa zote zinakuwa 10,000, vijana wana asilimia 60, yeye ana 40. Watasema, "Bado sisi ndio wengi." Ni kweli kwa maamuzi ya kawaida, kama vile kuteua wakurugenzi, ambayo hupita kwa zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa. Lakini mambo mazito, kama kubadili katiba ya kampuni, yanahitaji azimio maalumu, na azimio maalumu linahitaji robo tatu ya kura. Vijana wenye asilimia 60 hawafiki robo tatu. Mwenye zaidi ya asilimia 25 hawezi kuamua peke yake, lakini anaweza kuzuia. Kwa hiyo siku wanayomwandikia mfanyabiashara yule hisa 4,000 za kawaida, wanampa pia ufunguo wa mlango wa katiba.

Hapa Kagera tunaijua butura. Mkulima amebanwa na ada ya shule, anamuuzia mtu kahawa ikiwa bado ni maua, kwa bei ya shida. Kuuza hisa za kawaida nyingi mapema, kwa bei ya chini, kwa sababu tu fedha inahitajika wiki hii, kunafanana na hilo, ila kuna tofauti moja kubwa. Butura huisha mavuno yakichumwa, na msimu ujao mti ni wako tena. Hisa ya kawaida haina msimu. Uliyemuuzia ataendelea kuchuma mwaka baada ya mwaka, na baada yake warithi wake, mpaka mkubaliane vingine.

Sasa tukae upande wa mfanyabiashara, kwa sababu naye ana hoja. Ametoa milioni 40, vijana wametoa milioni 6. Tuseme baada ya miaka miwili kazi haikwenda vizuri, kampuni inafungwa, vikaushio na gari vinauzwa, madeni yanalipwa, na inabaki milioni 50. Kama hisa zote ni za kawaida, fedha hiyo inagawiwa kwa asilimia: yeye milioni 20, vijana milioni 30. Yaani aliyeleta 40 ameondoka na nusu yake, na walioleta 6 wameondoka na mara tano ya walichoweka. Anayeijua hesabu hii hawezi kukubali hisa za kawaida tupu. Ndiyo maana ataomba hisa za upendeleo.

Hisa ya upendeleo inamtanguliza mwenye nayo mbele ya wenye hisa za kawaida katika mambo mawili: gawio, na kurudishiwa mtaji. Kwa kawaida, kama malipo ya kutangulizwa huko, anaacha kura ya kila siku. Hubaki na sauti pale tu haki za kundi lake zinapotaka kubadilishwa, au pale katiba ya kampuni inaposema kwamba gawio lake likicheleweshwa kwa muda fulani, atapiga kura mpaka lilipwe.

Tuanze na gawio. Tuseme anaahidiwa asilimia 8 kwa mwaka ya milioni 40, yaani shilingi milioni 3.2. Swali la kuuliza hapo ni hili: je, gawio hilo linalimbikizwa? Kama linalimbikizwa, mwaka usio na faida ya kugawa haufuti deni, unalisogeza mbele. Kampuni ikikaa miaka mitatu bila faida ya kugawa, malimbikizo ni milioni 9.6. Mwaka wa nne mvua nzuri, kahawa nyingi, faida ya kugawa ni milioni 12. Vijana wanafurahi, lakini mfanyabiashara anadai 9.6 za nyuma na 3.2 za mwaka huo, jumla 12.8. Faida yote inakwenda kwake, na bado anadai laki nane. Waliokesha kwenye vichanja hawapati hata senti. Kama gawio halilimbikizwi, miaka mitatu ile imepita na haidaiwi, anapata 3.2, na milioni 8.8 zinabaki kuamuliwa. Neno moja kwenye katiba, lenye thamani ya milioni 9.6. Na mkikaa kimya mkaandika tu "hisa za upendeleo za asilimia 8", utamaduni wa sheria tuliourithi kutoka Uingereza unachukulia kwamba gawio linalimbikizwa.

Kuhusu mtaji, kimya kinamgeukia mwekezaji. Katiba isiposema kwamba atatangulizwa wakati kampuni inafungwa, haichukuliwi hivyo, na anaweza kujikuta foleni moja na wote. Kwa hiyo pande zote mbili zina sababu ya kuandika.

Tuseme wameandika kwamba atarudishiwa milioni 40 zake kwanza. Ile milioni 50 sasa inagawika hivi: yeye 40, vijana 10. Ni haki kabisa, nadhani, kwa aliyeweka sehemu kubwa ya fedha. Lakini kuna maneno yanayoweza kuongezwa: kwamba baada ya kupokea 40 zake, atashiriki pia katika kilichobaki pamoja na wenye hisa za kawaida. Basi anachukua 40, halafu asilimia 40 ya ile 10, yaani 4. Yeye 44, vijana 6.

Tofauti hiyo ya milioni 4 inaonekana ndogo kwa sababu kampuni ilishindwa. Ipime siku ya mafanikio. Tuseme kampuni inauzwa kwa milioni 200. Mwenye upendeleo unaoshiriki anachukua 40 kwanza, kisha asilimia 40 ya 160, ambayo ni 64. Jumla 104. Wenye asilimia 60 wanapata 96, pungufu ya nusu. Kama upendeleo hauna ushiriki, lakini una haki ya kugeuza hisa zake kuwa za kawaida, siku hiyo ataona heri ageuze: atapata asilimia 40 ya 200, yaani 80, na vijana 120. Mpango huu wa pili unamlinda siku mbaya na kumpa sehemu yake halali siku njema, bila kumlipa mara mbili. Na ongezeni sentensi moja muhimu: semeni wazi kwamba utaratibu huo unatumika kampuni inapouzwa pia, si inapofungwa tu. Bila hivyo, upendeleo wa mtaji hutumika kwenye ufilisi tu.

Tumrudie shangazi wa Bukoba. Yeye hataki kura, hataki kukaa kwenye kampuni maisha yake yote. Anataka milioni 20 zake zikue kidogo, kisha zirudi, maana ni fedha za uzeeni. Kwake yeye kuna hisa zinazokombolewa. Hizi ni hisa ambazo tangu siku ya kutolewa imeandikwa kwamba kampuni itazinunua tena na kuzifuta, kwa tarehe fulani, kwa bei fulani, kwa hiari ya kampuni au kwa madai ya mwenye hisa. Mara nyingi huwa ni hisa za upendeleo zilizoongezewa sifa hiyo ya kukombolewa.

Faida kwa vijana ni kubwa: milioni 20 zinaingia, kura hazitikisiki, na siku shangazi akishalipwa, hayupo tena kwenye daftari. Lakini sheria imeweka uzio, na hapa ndipo wengi hukwama. Katiba ya kampuni lazima iruhusu hisa za namna hiyo. Lazima kuwe na hisa nyingine zisizokombolewa, ili kampuni isibaki tupu. Lazima hisa iwe imelipiwa yote kabla ya kukombolewa. Na fedha ya kukombolea lazima itoke kwenye faida inayoweza kugawiwa, au kwenye fedha za hisa mpya zilizotolewa kwa ajili hiyo.

Sharti hilo la mwisho lieleweni vizuri. Fedha kwenye akaunti ya benki si faida. Tuseme kampuni ilipata hasara ya milioni 9 katika miaka miwili ya kwanza, na mwaka wa tatu ikapata faida ya milioni 6. Benki inaweza kuwa na milioni 25, lakini kwenye vitabu bado kuna hasara ya milioni 3 haijafutika. Hakuna cha kugawa, na hakuna faida ya kukombolea. Shangazi akija na karatasi yake siku ya ahadi, kampuni isiyo na fedha za hisa mpya hairuhusiwi kumlipa, na wakurugenzi wakimlipa kwa siri wamevunja sheria inayowalinda wadai wa kampuni. Tena kila shilingi ya faida iliyotumika kukomboa, kiasi kama hicho huhamishiwa kwenye akiba maalumu ambayo haigawiwi kama gawio.

Kwa hiyo hesabu ifanyike kabla ya kuahidi. Tuseme wanapanga kukomboa hisa za shangazi kwa milioni 4 kila mwaka kwa miaka mitano, na wakati huo huo wanamlipa mfanyabiashara gawio lake la milioni 3.2. Hiyo ni milioni 7.2 kwa mwaka, na zote zinatoka kwenye faida baada ya kodi. Kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30, wanahitaji faida ya zaidi kidogo ya milioni 10 kabla ya kodi, kila mwaka, miaka yenye kahawa nyingi na miaka ambayo mikahawa imepumzika. Kama kikaushio hakiwezi kuleta hiyo, wasogeze tarehe au wapunguze kiasi cha kila mwaka. Ni bora kumwambia shangazi miaka minane ya kweli kuliko miaka mitano isiyotekelezeka.

Msikilizaji unaweza kusema haya ni ya makampuni ya vitabuni. Tazama jirani yetu Kenya. Kampuni ya umeme, Kenya Power, ina hisa za upendeleo za asilimia 4 na za asilimia 7, zenye thamani ya shilingi 20 za Kenya kila moja, na gawio lake hulimbikizwa. Mwenye hisa ya asilimia 4 ana haki ya senti 80 kwa mwaka, wa asilimia 7 ana haki ya shilingi 1 na senti 40. Baada ya mwaka 2017, wenye hisa za kawaida walikaa miaka kadhaa bila gawio, mpaka 2024. Katika kipindi hicho chote, haki ya wale wa upendeleo iliendelea kuhesabiwa. Lakini geuza upande wa pili: kampuni ikifanikiwa kupita kiasi, senti 80 inabaki senti 80.

Kampuni hiyo hiyo ilikuwa pia na hisa za upendeleo za asilimia 7.85, zinazokombolewa, zisizolimbikiza gawio, zilizoshikwa na serikali, za thamani ya karibu shilingi bilioni 15.9 za Kenya. Kuelekea mwisho wa 2010 ziligeuzwa kuwa hisa za kawaida, na wanahisa wakapewa nafasi ya kununua hisa mpya. Zoezi lilipokwisha, serikali ilikuwa na asilimia 50.1. Hisa ambazo jana zilikuwa kimya, leo zinapiga kura. Kwa hiyo mnapompa mwekezaji haki ya kugeuza, pigeni hesabu ya kura siku ile ile, kama vile amekwisha kugeuza.

Sasa, haki hizi zote zinakaa wapi? Zinakaa kwenye katiba ya kampuni iliyosajiliwa BRELA. Tatizo ninaloliona mara nyingi ni hili: kampuni imesajiliwa kwa katiba ya kunakili, yenye aina moja tu ya hisa. Akija mwekezaji, wanaandikiana mkataba pembeni wenye maneno "upendeleo" na "kukombolewa", wanapeana mikono, fedha inaingia. Kwenye katiba hakuna aina hiyo ya hisa. Mkataba ule unawabana waliotia saini tu. Mwanahisa mpya akija, au mmoja akifariki na warithi wakaingia, ubishi unaanza. Dalili ya hatari ni rahisi kuiona: chukua cheti cha hisa, chukua katiba, uone kama jina la hisa lililo kwenye cheti limeelezwa kwenye katiba. Kama halipo, simamisha.

Utaratibu ulio salama ni huu. Wakurugenzi wanaitisha mkutano mkuu kwa notisi ya siku 21. Mkutano unapitisha azimio maalumu la kubadili katiba, likitaja kila aina ya hisa na majibu ya yale maswali matatu, pamoja na tarehe na bei ya kukomboa, na kiwango cha kugeuza. Kama mtaji ulioidhinishwa hautoshi, unaongezwa. Maazimio yanapelekwa BRELA. Baada ya hapo ndipo hisa zinatolewa, mgao unaripotiwa kwa Msajili, majina yanaandikwa kwenye daftari la wanahisa, na vyeti vinatolewa. Mwekezaji makini hatachukia kusubiri. Fedha yake inaweza kukaa kwa wakili mpaka azimio lisajiliwe.

Na nionye jambo moja, maana nasema redioni. Kampuni binafsi, chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, haizidishi wanachama 50, na hairuhusiwi kuwaalika watu kwa jumla kununua hisa zake. Usije ukaleta tangazo hapa, wala kusimama mnadani Omurushaka, ukisema hisa zinauzwa. Hiyo ni kazi ya kampuni ya umma, chini ya macho ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

Mimi nikiwa mshauri wa vijana wale wa Rugera, ningewaambia hivi. Hisa za kawaida zibaki mikononi mwao. Mfanyabiashara wa Mwanza wampe hisa za upendeleo zinazotangulizwa kurudishiwa mtaji, zisizoshiriki zaidi, zinazoweza kugeuzwa kuwa za kawaida, na gawio lisilolimbikizwa. Akikataa hilo la mwisho, wakubali malimbikizo ya miaka miwili, yasizidi. Shangazi wampe hisa zinazokombolewa, kwa ratiba inayolingana na faida ya kweli ya vikaushio. Na wasipokee shilingi moja kabla maneno hayo hayajaingia kwenye katiba. Mwenye kampuni na anisikie: wiki hii toa katiba yako kabatini, tafuta kifungu cha hisa, ukisome mwenyewe. Ukikuta aina moja tu, anza na azimio, kisha mpigie simu mwekezaji.